Mstari Uliobaki

Sauti aliyobaki nayo ni ya raba. Si kengele ya shule, wala si gari la askari lililoleta mitihani asubuhi ile likipanda mawe ya getini. Ni raba, ikisugua karatasi ndani ya chumba chenye watoto wengi na ukimya mwingi zaidi: shwa, shwa, shwa, kisha kimya kidogo, kisha pumzi ya mtoto akipuliza vumbi lake jeusi, kisha shwa tena.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Ruka. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwaka, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulipokaribia, alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni akauliza, "Swali likikukaba koo?" na darasa zima likaitikia kwa kelele za kuezua paa, "Ruka, utarudi!" Watoto wa madarasa ya chini walilishika neno hilo wakalifanya mchezo wa kuruka kamba. Hata mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda chake kando ya barabara, mteja akimletea baiskeli iliyokufa kabisa, alimwambia, "Hii mke wangu angesema niiruke."

Alijivunia maneno yale. Aliona watoto wengi wenye akili wakizama kwenye swali moja la pembetatu mpaka muda ukawaishia, na aliapa hatamwona mwingine. Mwaka ule aliyaimba kuliko miaka yote, kwa sababu kwenye dawati la tatu, upande wa dirishani, alikaa binti yake mwenyewe. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa mdomo usiopoa. Darasani mama yake alimwita kama wengine, na Chiriku naye alinyoosha kidole na kusema "Mwalimu" kwa adabu, kisha akifika nyumbani anamcheka, "Mama, leo ulikuwa mkali, hata mimi nilikuogopa."

Wakati wa kujiandikisha kwa mtihani, kila mtoto alijaza shule anazozitaka. Chiriku aliandika kwanza shule ya bweni ya wasichana, ile yenye maabara ya kweli, halafu shule ya kutwa ya mtaani kwao. Mama yake aliusimamia mkono ule ukiandika, na tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake. Nafasi za bweni ni chache, na hutolewa kwa alama, kuanzia juu kushuka chini mpaka vitanda viishe. Alikuwa amewaona watoto wa wenzake wakiachwa nje kwa alama moja. Sasa alikuwa na wa kwake.

Siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kusimamia watoto wake. Walimu hupelekwa shule nyingine, na walimu wa shule nyingine huja kwao. Alfajiri alimfunga Chiriku vifungo vya shati kana kwamba ni mtoto wa chekechea, akampa penseli mbili zilizochongwa, akampa raba.

"Swali likikukaba?" alimuuliza mlangoni.

"Ruka, utarudi," Chiriku akajibu, akainua macho juu kama aliyechoshwa na wimbo, akaenda zake.

Yeye akashika njia ya kwenda shule asiyoijua.

Chumba alichopangiwa kilikuwa kimevuliwa kila kitu. Chati za kuzidisha zilikuwa zimebanduliwa ukutani, na herufi zilizochorwa juu ya ubao zilifunikwa kwa magazeti. Madawati yalitenganishwa, mtoto mmoja dawati moja, na kwenye kona ya kila dawati ilibandikwa namba ya mtahiniwa. Msimamizi mkuu, mwanamume mrefu aliyezungumza kama anayehesabu maneno yake, aliuinua mfuko wa mtihani juu ili watoto wote wauone haujafunguliwa. Akawaita watahiniwa wawili waje waukague na kutia saini. Halafu akaukata kwa mkasi.

Yeye ndiye aliyegawa karatasi za majibu. Zilikuja zikiwa zimechapwa namba, kila mtoto na yake. Msimamizi mkuu akasoma maelekezo mara moja, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: tumia penseli, usikunje karatasi, tia kivuli kwenye herufi moja tu kwa kila swali, ukikosea futa kabisa, hakikisha namba ya swali inalingana na namba ya mstari unaotia kivuli. Watoto waliitikia ndiyo. Alijua hakuna hata mmoja aliyesikia. Masikio ya mtoto siku ile hujaa mapigo ya moyo wake.

Ilikuwa karatasi ya hesabu. Alipita kati ya madawati polepole, viatu amevibana visilie. Kando ya ukuta aliketi msichana mwenye sweta lililoshonwa kiraka kwenye kiwiko, mtoto aliyeandika huku ulimi umemtoka kidogo pembeni ya midomo. Alikuwa hodari; hesabu ziliyeyuka mikononi mwake, moja baada ya nyingine. Mwalimu alitupa jicho kwenye kijitabu cha maswali akaona kidole kimewekwa kwenye swali la ishirini na tatu. Akatupa jicho kwenye karatasi ya majibu. Penseli ilikuwa inatia kivuli mstari wa ishirini na mbili.

Alisimama. Mguu mmoja ulikuwa mbele, mwingine haukuja.

Mtoto yule alikuwa ameruka swali. Mahali fulani huko juu palikuwa na swali lililomkaba, akaliruka ili arudi, kama anavyofundishwa mtoto yeyote mwenye mwalimu mzuri. Lakini aliruka swali tu. Mstari wake hakuuruka. Jibu la swali lililofuata likaingia nyumba ya jirani, na lililofuata likalisukuma, na sasa majibu yote yalikuwa yamehama, kila moja limelala kitanda kisicho chake. Mashine inayosahihisha haiulizi mtoto alikuwa na maana gani. Inasoma kivuli na mahali kilipo, basi.

Alikwenda mbele akainama sikioni mwa msimamizi mkuu. Aliomba kama wanaweza kuwakumbusha watoto wote, bila kumtaja mtu, walinganishe namba. Yule bwana hakumtazama. Alisema maelekezo husomwa mwanzoni, na yameshasomwa. Alisema mwenzao mmoja mwaka fulani alitoa ushauri wa huruma tu, na kituo kizima kikafutiwa matokeo.

"Kwa hiyo unataka kumsaidia mmoja uwazike wote?" akanong'ona.

Hakutaka. Alirudi kwenye nafasi yake nyuma ya chumba, mikono nyuma, kama askari wa sanamu.

Ilipotangazwa kwamba zimebaki dakika kumi, yule msichana alifika swali la mwisho, akaona mstari umebaki mtupu. Alikunja uso. Akahesabu kwa ncha ya penseli, akapanda juu, juu, mpaka alipopata pale palipokatika. Rangi ikamtoka. Ndipo akachukua raba.

Shwa, shwa, shwa. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Alifuta chini kwenda juu, akatia kivuli, akafuta, machozi yanamdondokea akiyafuta kwa kile kiraka yasilowanishe karatasi. Muda ulipoisha alikuwa bado na mistari mingi. Mwalimu aliikusanya karatasi ile kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na joto. Zikapangwa kwa namba, zikahesabiwa kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kuinuka, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa na kupigwa muhuri mbele ya askari. Kilichoingia mle hakitoki tena mpaka kiwe alama.

Njiani kurudi nyumbani alijiambia maneno ya kujipoza. Yule si mwanafunzi wangu. Chiriku ni makini. Chiriku ana macho ya mwewe. Lakini alipokaribia nyumbani alikuwa anatembea kwa kasi, kisha anakimbia, mwalimu mzima na mkoba wake, watu wakimpisha.

Chiriku alikuwa uani anaosha vyombo na baba yake, wakirushiana povu. Alikuwa na furaha.

"Mama, rahisi! Nilimaliza nikabaki natazama dari. Moja tu ndiyo ilinikaba, ile ya tangi la maji, nikairuka."

Mama yake aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijua ni lazima aulize, na alijua pia kwamba baada ya kuuliza hatakuwa na pa kujificha.

"Ukarudi?"

"Nikarudi. Niliona umebaki mstari mmoja, nikajua ndio wa lile tangi. Nikapiga hesabu upya, ikakubali, nikatia kivuli pale palipobaki."

"Palipobaki ni wapi, mwanangu?"

"Chini kabisa," Chiriku alisema, akiinua sahani kuitazama kama imetakata. "Mstari wa mwisho."

Yule wa sweta alilia kwa sababu alijua. Huyu wa kwake hakujua. Katika chumba chake hakuna raba iliyolia. Labda kulikuwa na mwalimu mgeni nyuma ya chumba kile pia, mikono nyuma, aliyeona na kunyamaza, na sasa naye yuko nyumbani kwake hali chakula.

Fundi baiskeli aliuliza kama anaumwa. Alisema ni jua tu.

Alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kesho yake kulikuwa na karatasi nyingine, na mtoto aliyevunjika moyo leo haandiki kitu kesho. Akiyasema, ataua kesho ili kuilipia leo, na leo yenyewe hairudi. Lakini asiposema, Chiriku ataruka tena. Aliitazama ile furaha yenye povu mpaka viwikoni, na akatafuta njia kama mtu anayetafuta mlango gizani kwa viganja.

"Kesho," alisema, "usiruke hata swali moja."

Chiriku akaacha sahani. "Lakini wewe mwenyewe ndiye…"

"Najua. Kesho ukikwama, kisia. Tia kivuli hapohapo, weka alama kwenye kijitabu cha maswali, songa mbele. Ukipata muda ndiyo ufute."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Hakuwahi kumjibu mtoto hivyo, si nyumbani wala darasani. Chiriku alimtazama kidogo, akarudia vyombo vyake. Baba mtu akatania kwamba Mwalimu Ruka kafa, amefufuka Mwalimu Kisia. Aliyecheka ni yeye peke yake.

Kesho yake, katika chumba kilekile cha mtihani, kazi ya kusoma maelekezo ilimwangukia Mwalimu Ruka. Aliyasoma kama wote wanavyoyasoma, mpaka alipofika pale pa kulinganisha namba ya swali na namba ya mstari. Pale alisimama, akatazama kila dawati, akasoma taratibu, neno na pumzi, neno na pumzi. Msimamizi mkuu alikohoa. Msichana mwenye sweta alimwangalia kwa macho yaliyovimba, na akaitikia kwa kichwa.

Halafu ikaja miezi ya kungoja. Wazazi wengine hungoja wakiwa na matumaini, wengine hungoja wakiwa hawajui, na yeye alingoja akiwa anajua, na huko ndiko kubaya kuliko kote. Kila mchana Chiriku alipanga vitu vya bweni: sanduku la shangazi, shuka zenye maua, jinsi atakavyoandika barua kila Jumapili na jinsi baba yake atakavyokosea kuzisoma. Mama yake aliitikia. Usiku alijaribu kuhesabu. Jibu lililohama mstari si lazima liwe kosa; mara mojamoja herufi hugongana kwa bahati. Kabla ya tangi yalikuwepo yaliyo sahihi. Aliyajumlisha hayo na Kiswahili, na sayansi, na maarifa ya jamii, akapata jumla, akaivunja, akaanza upya. Alipungua mwili. Fundi baiskeli alimshonea mkanda wa sketi mwenyewe, kwa sindano ya kushonea matandiko ya baiskeli, bila kuuliza kitu.

Matokeo yalitoka asubuhi ya Alhamisi. Mwalimu mkuu aliyafungua ofisini, walimu wamemzunguka. Lugha, Chiriku alikuwa wa juu. Sayansi, wa juu. Hesabu alipata alama ambayo mama yake hakuwahi kumpa mtoto yeyote, hata wale waliokuja shule mara moja kwa wiki. Jumla ilimvusha. Alifaulu, lakini kwa kuburuza miguu. Walimu wenzake walisema, "Haiwezekani," wakamtazama kwa huruma, na kila huruma ilimchoma mahali pake.

Nyumbani, fundi baiskeli alikuwa ameshaiona alama hiyo kwenye simu ya jirani. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, mtu ambaye kwa kawaida hasimami kwa lolote.

"Tunakata rufaa," alisema. "Mtoto huyu anapiga hesabu za duka langu kichwani. Mashine imekosea. Mashine huharibika, mimi nazijua mashine."

Chiriku alikuwa pembeni ya mlango, macho mekundu, na kwa neno lile rufaa uso wake ulifunguka. Mama yake aliuona ukifunguka. Angeweza kuuacha hivyo. Rufaa huchukua wiki kadhaa. Wangekuwa na wiki kadhaa za uso ule. Kisha jibu lingerudi lilelile, maana mashine ingesoma vivuli vilevile mahali palepale, na mtoto angebaki na ukweli mmoja tu wa kushika: kwamba hesabu haziwezi.

"Mashine haikukosea," alisema.

Aliwaeleza, amesimama vilevile na mkoba begani. Alieleza lile tangi la maji, na mstari wa kwanza uliochukua jibu la jirani, na ule wa mwisho uliobaki. Alisema kwamba miaka yote aliwafundisha watoto kuruka swali, na hakuna siku aliyowaambia mstari nao unarukwa. Alisema alijua tangu jioni ile ya vyombo. Fundi baiskeli aliivaa kofia, akaivua. Chiriku hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nilizipata lakini? Zenyewe, hesabu zenyewe?"

"Nadhani karibu zote."

Chiriku akaenda ndani, na kuanzia siku ile nyumba ile ikawa kimya. Alijibu alipoulizwa, alisalimia asubuhi, alisema asante mama. Chiriku hakuimba.

Ikaja orodha ya waliopangiwa shule. Bweni hakuwemo; hilo walilijua. Lakini hata shule ya kutwa ya mtaani hakuwemo. Mwaka ule waliofaulu walikuwa wengi kuliko madawati, na madawati yaligawiwa vilevile, kwa alama, kutoka juu kushuka chini, na yaliishia juu yake kidogo. Aliyefaulu asipate nafasi hungoja awamu ya pili: shule zikifunguliwa, wako wasioripoti, waliohamia shule za kulipia au waliohama mji, na viti vyao hujazwa na waliobaki. Huenda vikatosha, huenda visitoshe. Mama aliwaona wenzake Chiriku wakipita barabarani na sare mpya zenye mikunjo ya dukani, na binti yake ameketi kibandani kwa baba akishika tairi ndani ya beseni la maji, akitazama mapovu yanatokea wapi. Hofu yake ya zamani ilikuwa ya kitanda cha bweni. Hii mpya ilikuwa ya kiti chochote, popote, hata kisicho na mgongo.

Kiti kilipatikana. Shule ya kutwa, ng'ambo ya daraja, mwendo mrefu. Mwalimu mkuu alimletea habari darasani, akasimama mlangoni akatabasamu, naye Mwalimu Ruka aliendelea kuandika ubaoni kwa muda, kwa sababu hakuweza kugeuka mbele ya wanafunzi na uso aliokuwa nao.

Siku ya kuripoti walikwenda wawili. Walivuka daraja kwa miguu. Uwanjani watoto wa awamu ya pili walikuwa wamekusanywa kando, sare zao hazijafanana bado, na bila kujua mama alitafuta sweta lenye kiraka. Hakuliona. Mwalimu wa zamu alitangaza kwamba watafanya jaribio fupi la hesabu ili wapangwe mikondo, na akaanza kugawa karatasi. Zilikuwa na maswali upande mmoja, na upande wa pili mistari yenye namba na herufi za kutia kivuli.

Chiriku aliiona karatasi, na mkono wake, ambao tangu siku ya matokeo haukumshika mtu, ukaja taratibu ukashika kidole kimoja cha mama yake. Ulikuwa baridi.

"Mama," alisema, "lisipokubali?"

Watoto waliozunguka walikuwa wanapiga kelele za uoga wao. Mmoja wao, aliyetoka shule yao ya zamani, alimtambua mwalimu akaanza kwa kicheko, "Ruka, uta…" na akanyamaza mwenyewe. Mama aliinama mpaka midomo ikagusa sikio la binti yake. Alikuwa amezoea kuyapaza maneno haya mpaka paa likatikisika. Sasa aliyasema kwa sauti ndogo mno, ambayo hata yeye hakuwa na hakika kama imetoka.

"Liruke," alisema. "Na mstari wake pia."